Mwongozaji hodari, msimamizi anayekwama

"Nimempandisha mwongozaji wangu bora wa Kilimanjaro awasimamie wenzake hapa Moshi. Sasa anafanya kila kitu mwenyewe na wenzake wamenuna. Nimekosea wapi?"

Mkuu, dalili hizo ni za mtu mwenye kiu ya mafanikio, ambayo mwanasaikolojia David McClelland aliitofautisha na kiu ya kuwa na watu na kiu ya mamlaka. Mtu wa namna hii hufurahia kazi aliyoimaliza mwenyewe na kuona matokeo haraka: wageni wangapi wamefika Uhuru, nani kashushwa, kwa nini. Usimamizi unamnyima yote hayo, ndiyo maana anarudi kukagua mahema kwa mikono yake.

Usimshushe cheo bado. Mpe lengo gumu kiasi lisilotimia bila wenzake: wasaidizi 2 waweze kuongoza safari ya Machame ndani ya msimu mmoja. Kila safari ikiisha, kaeni muangalie matokeo yao, siyo yake. Asipobadilika, mrudishe mlimani bila kumpunguzia mshahara.

Kabla ya kuteua mwingine, sikiliza waongozaji wanauliza nini katika vikao vitatu au vinne, kimoja hudanganya. Mwenye kiu ya watu huuliza kapangwa pamoja na nani, na akipewa kupanga zamu huwapendelea marafiki. Huyu anafaa kulea wapya. Mwenye kiu ya mamlaka huuliza nani anaamua. Huyu mpime vizuri: akitumia sauti yake kuwatetea wapagazi wapate vifaa, anafaa kusimamia. Akiitumia kuwanyamazisha, hapana.