Ankara imepita tarehe? Usitume meseji ileile mara nne

Msomaji mmoja wa Lindi, mwenye duka la uchapaji, amenitumia meseji nne alizomwandikia mteja anayemdai. Zote zinasema, "Samahani bosi, ile hela yetu vipi?" na zote zimejibiwa "nashughulikia". Haishangazi. Meseji isiyo na namba ya ankara, kiasi wala tarehe haimpi mhasibu kitu cha kumpelekea anayesaini malipo.

Tuseme ankara ni Na. 047, shilingi 1,840,000, ya vitabu vya stakabadhi vilivyochapwa kwa ghala la korosho Masasi, na mwisho wa kulipa ulikuwa 30 Septemba. Tarehe 2 Oktoba mwandikie mhasibu, bosi mwache kwanza:

"Habari za kazi dada. Ankara Na. 047 ya shilingi 1,840,000 ilitakiwa kulipwa 30 Septemba. Naiambatisha tena pamoja na hati ya kupokelea mzigo aliyosaini boharia wenu. Kama kuna karatasi inayopungua, nijulishe."

Upole huu una sababu. Mara nyingi ankara imekwama tu kwa kukosa namba ya oda, au bado iko mezani kwa boharia.

Tarehe 9 Oktoba omba kitu kimoja: siku ya malipo. Huku kwetu utaambiwa "tukishauza korosho", na minada ndiyo kwanza inafunguliwa. Hiyo siyo tarehe. Jibu: "Basi naandika 18 Oktoba. Kama siyo, nitajie yenu." Akikubali, hata kwa WhatsApp, hifadhi, maana amekiri deni kwa maandishi. Akilipa 600,000, mpe risiti siku hiyohiyo na uanze kudai 1,240,000. Ukiendelea kutaja kiasi cha zamani, umempa cha kubishania.

Akidai vitabu vingine vilifika vimechanika, simamisha vikumbusho mpaka mhesabu pamoja. Notisi kali juu ya deni lenye ubishi inakurudia mwenyewe.

Ahadi ikipita, tarehe 20 panda kwa mwenye mali. "Shikamoo mzee" ibaki, "samahani" iondoke. Mweleze ahadi ya tarehe 18 na kwamba oda mpya sasa ni kwa fedha taslimu.

Notisi ya mwisho, 30 Oktoba, iwe karatasi, na nakala yako isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokelewa:

"Salio la ankara Na. 047 ni shilingi 1,240,000. Lisipolipwa hadi 6 Novemba, tutafungua shauri la madai Mahakama ya Mwanzo."

Usiandike "hatua kali", wala usimtishie polisi. Deni la biashara ni madai, siyo jinai. Na usiitume kama huna nia ya kwenda. Tarehe 7 Novemba ikipita kimya, notisi yako ijayo itasomwa kama zile meseji nne. Bahasha ya mahakamani iwe tayari mapema: oda, ankara, hati ya mzigo, risiti ya 600,000, ile ahadi ya WhatsApp iliyochapwa, na nakala ya notisi yenye saini.