Soluseti ikiwa tupu, dawa bado iko kwenye mrija

Swali: "Nina mtoto wa miezi 10, kilo 8, ana nimonia kali na tatizo la moyo. Daktari ameagiza maji yake yapunguzwe hadi theluthi mbili. Anapata ampisilini kila baada ya saa 6 na jentamaisini mara moja kwa siku, zote kwa soluseti. Dawa ikiisha kwenye soluseti huwa nafunga na kumtoa. Mwenzangu wa zamu ya usiku anasema napaswa kuongeza maji ya kusafisha mrija, lakini mimi naogopa kumzidishia. Nani yuko sahihi?"

Mwenzako wa usiku yuko sahihi, ila hofu yako nayo ina msingi. Kosa lenyewe liko kwenye hesabu ambayo wengi wetu hatukufundishwa kuifanya, nami niliijua baada ya miaka kadhaa ya kufanya vilevile unavyofanya wewe.

Tuanze na jentamaisini. Kwa kilo 8, kipimo cha miligramu 7.5 kwa kilo ni miligramu 60, yaani mililita 1.5 kutoka kwenye ile ampuli ya miligramu 80 katika mililita 2. Tuseme unaiweka kwenye soluseti, kile chombo chenye alama za mililita kilicho kati ya dripu na mrija, na kuikamilisha kwa maji hadi mililita 20, ili iingie kwa nusu saa. Hapo kila mililita ina miligramu 3. Kwa kuwa soluseti hutoa matone 60 kwa mililita, idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, kwa hiyo utahesabu matone 40 kwa dakika, au 10 katika kila sekunde 15. Nusu saa ikipita soluseti inakuwa tupu, unafunga, unaandika "imetolewa".

Lakini kabla dawa haijaanza kushuka, chumba cha matone na mrija wote hadi kwenye kanula vilikuwa vimejaa maji matupu, na hayo ndiyo yaliyotangulia kuingia kwa mtoto. Ukitaka kujua ni kiasi gani, chukua seti mpya kavu, jaza mililita 100 kwenye soluseti, toa hewa kwenye mrija kama kawaida, kisha soma soluseti imeshuka hadi wapi. Seti tulizokuwa nazo sisi zilishuka hadi 83, maana yake mililita 17 zilikuwa zimejificha chini ya soluseti. Zenu zinaweza kuwa tofauti kidogo kwa sababu urefu wa mrija na ukubwa wa chumba cha matone hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, kwa hiyo pimeni upya kila aina mpya inapoletwa stoo.

Sasa toa 17 kwenye 20. Zimebaki mililita 3 tu za mchanganyiko wenye dawa ambazo zimemfikia mtoto, sawa na miligramu 9 kati ya 60. Kwa kweli dawa na maji huchanganyika kidogo ndani ya chumba cha matone, kwa hiyo dawa ya kwanza hutangulia na kiasi kinaweza kupanda kidogo, lakini hata ukikadiria kwa ukarimu hakifiki robo ya kipimo. Iliyobaki unaitupa pamoja na seti. Ukiiacha seti ikining'inia imejaa, basi itaingia kwa mtoto wakati wa dawa inayofuata, na kwa mpango wenu dawa hiyo ni ampisilini, ambayo haitakiwi kukutana na jentamaisini kwenye mrija mmoja kwa sababu dawa za jamii hizi mbili hudhoofishana zikichanganyika.

Mimi sikuamini hesabu hii mpaka nilipoiona kwa macho. Kulikuwa na seti iliyokuwa inakwenda kutupwa, tukaitundika, tukaingiza ncha ya mrija kwenye ndoo, tukaweka vitamini B ya sindano, ile ya manjano, ndani ya mililita 20 na kuiachia matone 40 kwa dakika. Dakika 15 zilipita ndoo ikipokea maji meupe. Manjano iliposhika rangi vizuri kwenye ncha ya mrija, soluseti ilikuwa imekaribia kuisha, na ilipoisha kabisa mrija mzima ulikuwa wa manjano kutoka juu hadi chini. Muuguzi mmoja aliyekuwa ameajiriwa kabla yangu alitazama ule mrija muda mrefu bila kusema neno. Nadhani sote tulikuwa tunawahesabu watoto ambao homa zao hazikushuka siku ya tatu, tukasema kijidudu ni sugu.

Kwa hiyo maji ya kusafisha mrija ni sehemu ya kutoa kipimo, wala si nyongeza unayoweza kuiruka. Yanatosha yanapozidi kidogo kile kiasi ulichokipima, kwa sababu chumba cha matone hakijisafishi kwa mkupuo. Dawa iliyomo huwa inazimuliwa polepole. Kwa seti yenye mililita 17, mimi hutumia 20. Huzigawa mara mbili: soluseti inapofikia kuisha, na kabla hewa haijaingia kwenye mrija, nafunga, naweka mililita 5, naitikisa soluseti taratibu ili matone yaliyoganda kwenye kuta yaoshwe, naachia, kisha naongeza zile 15. Pia tangu mwanzo sijazi chumba cha matone zaidi ya theluthi moja, maana kadiri kinavyojaa ndivyo dawa inavyokawia kutoka ndani yake. Vitu viwili navyo viangaliwe: kibano cha juu, kinachotoka kwenye dripu, kifungwe kabisa kabla ya kuweka dawa, la sivyo maji yataendelea kushuka na mililita 20 zako zitakuwa 50 bila wewe kujua, na tundu la hewa la soluseti liwe wazi, kwani likiziba matone husimama, nasi tunaanza kuilaumu kanula.

Maji ya kusafisha yapite kwa kasi ileile ya dawa. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Nikiwa hospitali nyingine miaka ya nyuma, nilimpa mtoto vankomaisini, dawa ambayo haitakiwi kuingia kwa muda unaopungua saa moja. Soluseti ilipoisha niliona kazi imekwisha, nikaweka maji na kufungua yote rola ya kurekebisha kasi ya matone ili nimwahi mtoto wa kitanda kinachofuata. Ndani ya dakika chache uso na shingo vilikuwa vyekundu, anajikuna na kulia, mama yake ananiita. Nilikuwa nimeisukuma kwa mkupuo dawa yote iliyokuwa kwenye mrija. Tulisimamisha, wekundu ukaisha, naye akaendelea vizuri, lakini tangu siku hiyo sigusi rola wakati wa kusafisha mrija. Kwa mtoto wako, mililita 20 za dawa na 20 za kusafisha kwa matone 40 ni saa nzima. Ukianza saa 4:00 asubuhi, dawa yenyewe inaanza kumfikia kwa nguvu karibu saa 4:25 na kumalizika karibu saa 5:00. Kwenye chati andika kuwa imekwisha saa 5:00, kwa sababu kama maabara yenu inapima kiwango cha dawa kwenye damu, muda huo ndio utakaotumiwa kusoma majibu.

Sasa hofu yako ya maji. Mtoto wa kilo 8 anahitaji mililita 800 kwa siku, na theluthi mbili yake ni takriban 530, zikiwemo dawa na maziwa anayopewa kwa mpira wa puani au kikombe. Ukitoa ampisilini mara 4 na jentamaisini mara 1, zote kwa soluseti, kila moja mililita 40, umetumia 200. Zimebaki 330 za maziwa, kwa mtoto ambaye tayari anachoka kunyonya. Si maji peke yake. Kama zote 200 ni dripu ya chumvi, zimebeba sodiamu ya milimoli 31 hivi, wakati mahitaji ya kawaida ya mtoto wa uzito huu kwa siku ni kati ya 16 na 24. Kwa moyo unaoelemewa huo ni mzigo wa kweli, na hapo ndipo nakuunga mkono.

Lakini suluhisho si kuacha kusafisha mrija. Ni kuchagua ipi ipite kwenye soluseti. Ampisilini inaruhusiwa kutolewa kwa sindano polepole, dakika 3 hadi 5, kwenye mlango ulio karibu kabisa na kanula. Miligramu 400 zikiwa kwenye mililita 4, ukisafisha kwa mililita 2 za chumvi kabla na 2 baada, ni mililita 8 kwa kila dozi, 32 kwa siku nzima. Mililita 2 zinatosha pale kwa sababu kati ya sindano na mshipa hakuna mrija mrefu wa kuficha dawa. Jentamaisini ibaki kwenye soluseti na mililita zake 40, na kwa kuwa inakubaliana na dripu ya sukari ya asilimia 5, tumia hiyo kuizimua na kuisafisha ili kupunguza chumvi. Ampisilini usiiweke kwenye sukari kwani huharibika upesi zaidi humo. Jumla ni mililita 72, na maziwa yamepata 458. Mpelekee daktari na mfamasia hesabu hii iandikwe kwenye maagizo, ili zamu zote zifanye jambo moja. Pia usisahau kwamba ukubwa wa ujazo hauteremki ovyo: ukiamua kuizimua jentamaisini kwa mililita 5 ili kuokoa maji, mrija bado unadai mililita 20 zilezile za kusafisha, kwa hiyo ulichookoa ni kidogo, huku dawa ikiingia ikiwa kali zaidi.

Kwa watoto wenye dripu inayoendelea mchana kutwa, hakuna maji ya ziada ya kuhesabu, kwa sababu dripu yao yenyewe ndiyo inayousafisha mrija. Hao tatizo lao ni kasi. Dripu ikienda mililita 10 kwa saa, zile 17 zitachukua karibu saa mbili kutoka, na dawa nyingine ikiwekwa kabla ya hapo zitakutana njiani. Kabla ya kuweka dawa ya pili kwa mtoto wa namna hiyo, mimi huangalia saa niliyoandika kwenye plasta ya soluseti, pamoja na jina la dawa na kipimo chake, kisha nahesabu mililita zilizoshuka tangu soluseti ilipokuwa tupu.