Zawadi ya besdei imfuate mteja na nywele zake

Wewe unayefungua saluni Mwanga au Ujiji, andika kwenye daftari tarehe na mwezi wa kuzaliwa wa kila mteja. Mwaka usiulize, wengi hawapendi. Pembeni andika alichofanyiwa mara ya mwisho na lini, maana hapo ndipo zawadi inapochaguliwa.

Tuseme besdei ya dada Zainabu ni tarehe 14 Juni. Daftari linaonyesha alisuka rasta mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo zina wiki sita na zimeshachoka. Akifumua, nywele zitakuwa kavu na zitataka stimingi kabla ya kusukwa tena. Basi mpe stimingi. Kama wewe unaitoza 8,000, dawa inayotumika haizidi 2,000, na akishakaa kwenye kiti mara nyingi atasuka na kulipia. Lakini angekuwa amesuka juzi tu, stimingi ingekuwa haina kazi kwake. Hapo mpe kutinda nyusi au rangi ya kucha. Punguzo la bei silipendi kwenye besdei. Mteja analizoea, halafu bei yako halisi inaonekana kubwa.

Ujumbe utume tarehe 8, siyo siku yenyewe. Mtu anataka kupendeza kabla ya sherehe, na ukichelewa atakuwa ameshakaa kwa msusi mwingine:

"Dada Zainabu, tarehe 14 ni besdei yako. Stimingi ni zawadi yetu, hulipi. Njoo tarehe 9 hadi 20. Nijibu siku gani nikuwekee nafasi. Mama Asha, saluni Mwanga."

Huo unaingia kwenye meseji moja ya herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, kikomo kinashuka hadi herufi 70 na utalipia zaidi ya meseji moja. Kwenye WhatsApp andikia mtu mmoja mmoja, kwa sababu orodha ya matangazo haimfikii ambaye hajahifadhi namba yako.

Wapo wasiosherehekea besdei, wengine kwa sababu za dini. Hao tumia tarehe waliyokuja kwako mara ya kwanza: "Leo umetimiza mwaka nasi." Tarehe ya ndoa iache mpaka mteja mwenyewe aitaje, na hata hapo uwe mwangalifu. Ndoa huvunjika, waume hufariki, na ujumbe wako utamkuta mtu kwenye machungu.

Kila asubuhi wasomee wasusi majina ya wenye zawadi. Mteja akifika akaambiwa "zawadi gani?" mbele ya wenzake, anaumia, na pengine harudi.

Mwisho wa mwezi waangalie zaidi wale waliokuwa wamepotea miezi miwili au mitatu. Anayekuja kila wiki mbili angekuja tu. Kwake zawadi ni asante. Kama waliopotea hawarudi, piga simu kwa mmoja wao umuulize alichokosa kwako.