Presha 160/100 na haumwi popote

"Mzee wangu presha 160 kwa 100 ila anasema haumwi popote, dawa za nini sasa?"

Ndugu, mwambie aanze dawa. Chukulia figo tu, zina vimishipa vidogo vya kuchuja damu, presha ikivigonga miaka nenda rudi kuta zinakuwa nene, njia inabana, vichujio vinakufa kimoja kimoja na vilivyobaki vinabeba kazi yote, ndo maana hasikii kitu, hata kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, inaweza kusoma kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo umeshaenda. Protini kwenye mkojo huwa inatangulia, kwahiyo apime mkojo pia, sio damu peke yake. Na daktari wa macho amuangalie nyuma ya jicho, mishipa inaonekana laivu kule. Moyo nao unanenepa misuli, apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo.