Kuhesabu oksidisho la beta la asidi linoleiki: kwa wanaoanza biokemia

Nilijifunza oksidisho la beta kwa mfano wa asidi palmitiki peke yake, nikaamini kwamba kila mzunguko hutoa FADH2 moja na NADH moja. Mtihani ulipouliza asidi linoleiki, ambayo imejaa katika mafuta ya alizeti, hesabu yangu ilizidi. Kwa hiyo nawashauri muifuatilie asidi hii kwa kalamu, mkiandika namba za kaboni upya baada ya kila mkato.

Asidi linoleiki ina kaboni 18 na bondi maradufu mbili, zinazoanzia kaboni ya 9 na ya 12, zote za umbo la sis. Mizunguko mitatu ya kwanza ni ya kawaida: dehidrojenasi huunda bondi maradufu ya umbo la transi kwenye kaboni ya 2 na kutoa FADH2, maji huongezwa, NAD+ hupokea hidrojeni, kisha asetili-KoA hukatwa. Kwa kuwa kila mkato hupunguza namba kwa 2, sasa zimebaki kaboni 12, na bondi ziko kwenye 3 na 6. Hapo njia inaziba, kwa sababu kimeng'enya cha kuongeza maji hutaka bondi ya transi kwenye kaboni ya 2. Isomerasi huihamisha bondi ya 3 hadi 2 bila kuondoa hidrojeni yoyote, na ndiyo maana mzunguko wa nne hauna FADH2.

Zinabaki kaboni 10 na bondi moja kwenye 4. Dehidrojenasi hufanya kazi yake na FADH2 hupatikana, ila sasa kuna bondi mbili zinazopakana, ya 2 na ya 4. Reduktasi hutumia NADPH kuzifanya moja kwenye 3, na isomerasi ileile huisogeza hadi 2; mizunguko iliyobaki haina tatizo.

Jumla ni asetili-KoA 9, NADH 8 na FADH2 7, ambapo asidi steariki ingetoa FADH2 8. Tukikadiria ATP 10, 2.5 na 1.5 kwa mfuatano huo, na kutoa 2 za kuiamsha asidi, tunapata 118.5, au 116 ikiwa NADPH iliyotumika itathaminiwa kama NADH. Andikeni wazi mmechagua hesabu ipi.

Asidi ya kaboni 17, ambayo hupatikana kidogo katika maziwa ya ng'ombe, hupita mizunguko 7 tu, kwani mkato wa mwisho huacha propionili-KoA yenye kaboni 3. Hii huongezewa kaboni kwa msaada wa biotini na ATP moja ili iwe methilmalonili-KoA, umbo lake hugeuzwa, kisha mutasi inayotegemea vitamini B12 huifanya suksinili-KoA, ambayo huingia katikati ya mzunguko wa Krebs. Msiihesabu kama asetili-KoA. Vitamini B12 ikipungua, asidi methilmaloniki huongezeka katika damu na mkojo. Upungufu wa folati hauleti ongezeko hilo, hivyo kipimo cha asidi methilmaloniki humsaidia daktari kutofautisha upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa B12 na ule wa ukosefu wa folati.