Muksitina na Kasituna: mzizi mmoja, vitendo viwili

Swali: Assalamu alaikum sheikh. Ninasuluhisha mirathi ya marehemu kaka yangu hapa Eastleigh. Ameacha mjane, wana wawili wa kiume na wawili wa kike. Wazazi wetu walishatangulia. Kijana mmoja darsani alisema kuwa “muksitina”, wanaopendwa na Mwenyezi Mungu, na “kasituna”, kuni za Jahanamu, ni mzizi mmoja na kwa hiyo maana ni moja, basi anayeingilia kugawa mali za watu ajihadhari. Tangu siku hiyo silali. Je, nijitoe?

Jibu: Waalaikumu salamu, mzee wangu. Usijitoe. Kijana huyo alisema kweli aliposema mzizi ni mmoja, nao ni kafu, sini na twa. Alipotea alipotoka hapo kwenda kwenye “maana ni moja”. Kamusi za Kiarabu huyapanga maneno chini ya mizizi, na asiyejua sarufi huona maneno yamekaa ukurasa mmoja akadhani yamekubaliana. Ibn Faris, aliyefuatilia asili za mizizi kuliko wengi, aliandika waziwazi kwamba mzizi huu unabeba maana mbili zinazopingana. Na sisi Waswahili tusilione hilo kuwa ajabu, kwani “funga” na “fungua” zina shina moja, na hakuna anayeliacha duka lake wazi usiku kwa hoja hiyo.

Kinachoyaunganisha maneno haya ni fungu. Raghibu wa Isfahani ameeleza kuwa kisti ni fungu la mtu kwa haki yake. Akisemwa mtu kuwa “kasata”, amechukua fungu la mwenzake, na akisemwa “aksata”, amempa mwenzake fungu lake. Kiini hakikubadilika, bali kilichobadilika ni mkono: mmoja unachukua, mwingine unatoa.

Tulitie jambo hili katika mirathi yenu. Baada ya madeni na wasia, mali ikigawanywa mafungu 48, mjane ana 6, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Wewe, ami yao, huna kitu maadamu wana wa kiume wapo. Kaka akichukua 16 kwa kumega 2 katika 7 za dada yake, huyo amekasiti. Atakayezirudisha zile 2 kwa mwenyewe ndiye muksiti. Mali ni ileile na mafungu ni yaleyale, na kijana wako angetaka tuwahesabu watu hawa wawili kuwa mtu mmoja!

Sasa irudie Aya ya 9 ya Suratul Hujurati, inayoamrisha kusuluhisha makundi mawili ya waumini yakipigana, na ndimo walimotajwa muksitina. Amri yake ya mwisho ni “aksitu”, na sababu inayofuata ni kwamba Mwenyezi Mungu anawapenda “muksitina”. Maneno haya mawili hayashiriki mzizi tu, yanashiriki na umbo, kwa kuwa muksiti ni mtendaji wa kitendo kilekile cha aksata. Ndiyo maana aya inajifunga yenyewe: mpeni kila mtu fungu lake, kwani wampao kila mtu fungu lake wanapendwa. “Kasituna” ya Suratul Jinni, Aya ya 15, inatoka katika kasata, kitendo kingine. Hata asiyesoma sarufi anaweza kuwatofautisha kwa sikio: kasiti imekaa kama dhalimu na katibu, ilhali muksiti imeanza kwa “mu” kama muumini, neno lililomo ndani ya aya hiyohiyo.

Inasimuliwa kuwa gavana Hajjaji alipomuuliza mwanachuoni Said bin Jubeiri anamwonaje, alijibiwa: “Kasiti, adili.” Waliohudhuria walidhani amesifiwa. Hajjaji, ambaye kwa udhalimu wake wote Kiarabu alikijua, akawaambia kuwa ameitwa dhalimu na mshirikina, kwani “adili” huweza pia kuwa anayemlinganisha Mwenyezi Mungu na kingine. Maneno yote mawili yana mizizi ya haki, na yote mawili yalikuwa tusi. Wanaohubiri kwa kufungua kamusi wangekaa upande wa wale waliodhani ni sifa.

Lakini naona hofu yako haikuanzia darsani. Msuluhishi huogopa zaidi anapojua kuwa anaelemea upande mmoja. Tazama kwamba aya imeamrisha suluhu mara mbili, na “kwa uadilifu” imetajwa mara ya pili tu, baada ya vita, wakati ambapo moyo wa msuluhishi umeshachoka na kumkasirikia mmoja wao. Kwa hiyo usimbembeleze binti aache zile 2 ili kaka zake wanyamaze. Hiyo huitwa suluhu na watu, nayo ni kukasiti kwa ulimi mtamu. Akitaka kusamehe, kwanza atajiwe fungu lake lote, 7, na ikiwezekana akabidhiwe, kisha aamue bila kaka zake kuwapo. Andika hesabu, wasomee wote wakiwa pamoja, mjane akiwa wa kwanza kutajwa kwa sababu mara nyingi husahauliwa, na wakikataa, peleka karatasi hiyohiyo Mahakama ya Kadhi.