Chupa ya chai na kufuli: kila bidhaa ibebe mzigo wake

Anayeanza kuagiza mzigo Uchina kwa kawaida hujumlisha gharama zote, anagawa kwa bei ya kununulia, kisha anapandisha kila bidhaa kwa asilimia ileile. Mzigo ukiwa wa aina moja, hesabu hiyo inakubali. Ukichanganya bidhaa inadanganya, na utagundua hela imeshapotea.

Tuchukue mzigo wa kuchangia kontena kuja Dar es Salaam: chupa za chai 600 kwa dola 3 kila moja, na kufuli 1,200 kwa dola 1.50. Bei ya FOB, yaani mzigo ukishapakiwa melini Uchina kabla ya nauli na bima, ni dola 1,800 kwa kila upande, jumla 3,600. Ila chupa zinakula CBM, yaani mita za ujazo, 3.5 na kufuli CBM 0.5 tu. Nauli tuseme ni dola 100 kwa CBM, yaani 400 kwa mzigo wote. Kinachojaza kontena ndicho kinacholipa nauli, kwa hiyo chupa zinabeba 350 na kufuli 50. Bima ni dola 40, na hii hugawanywa kwa thamani, maana bima inalinda thamani: 20 kwa 20. Sasa CIF, yaani bei pamoja na bima na nauli, ya chupa ni 2,170 na ya kufuli 1,870.

Hapo ndipo forodha inapoanzia. Nchi za Afrika Mashariki hutoza ushuru juu ya CIF, si juu ya bei ya kiwandani, kwa hiyo nauli nayo inatozwa ushuru. Tukichukua ushuru wa 25%, chupa zinalipa 542.50 na kufuli 467.50. Ongeza tozo ya reli, tuseme 1.5% ya CIF: 32.55 na 28.05. Ada ya forodha tuiweke 0.6% ya FOB: 10.80 kila upande. Viwango hivi usivikariri. Bajeti ya kila Julai inaweza kuvibadili, na kila bidhaa ina kiwango chake kulingana na HS code, namba ambayo forodha hutumia kuainisha bidhaa. Chupa ziko 9617, kufuli 8301. Mpe wakala code kabla hujalipia mzigo, akupe kiwango cha siku hiyo.

Zinabaki gharama za hapa. Kushusha na kutenganisha mzigo bandari kavu, dola 40 kwa CBM: 140 na 20. Gari hadi stoo, dola 40, kwa ujazo tena: 35 na 5. Ada ya wakala na karatasi za kutolea mzigo, dola 260: hizi hazijali ujazo, tunazigawa kwa thamani, 130 kila upande.

Jumlisha. Chupa zimefika kwa 3,060.85, gawa kwa 600, unapata dola 5.10. Kufuli 2,531.40 kwa 1,200, dola 2.11. Yule wa asilimia moja angesema mzigo wote umegharimu 5,592.25, sawa na mara 1.55 ya bei ya kununulia, kwa hiyo chupa ni 4.66 na kufuli 2.33. Akiuza chupa kwa 4.90 anajiona ana faida ya senti 24, kumbe anapoteza senti 20 kwa kila chupa. Kufuli nazo anazipandisha bei bila sababu, zinamlalia dukani wakati jirani anauza.

VAT sijaiweka makusudi. Ukiwa umesajiliwa utaidai kwenye ritani, basi si gharama ya bidhaa, ingawa hela yake lazima uwe nayo mkononi siku ya kulipia. Hujasajiliwa? Ni gharama kamili: 18% juu ya thamani iliyokwisha kubeba ushuru, zaidi ya senti 80 kwa chupa na kama senti 35 kwa kufuli.

Kuna mtego wa muuzaji anayekutajia bei ya CIF yenye nauli ya kutupa. Mara nyingi nauli hiyo hurudi hapa kama ada za kutolea mzigo. Omba orodha ya gharama za bandari ya kufikia kwa maandishi kabla ya kukubali, kisha uilinganishe na FOB ukitafuta msafirishaji mwenyewe.

Forodha pia wanaweza kuikataa ankara yako na kupandisha thamani. Hapo ushuru unahesabu ule uliolipa kweli, lakini bei ya kununulia inabaki ile uliyomtumia muuzaji. Wageni wengi huingiza thamani mpya sehemu zote mbili, gharama ikavimba bure.

Mwisho, gawa kwa zinazouzika, si kwa zilizoagizwa. Chupa za kioo huvunjika: zikivunjika 12, zile 3,060.85 zinagawanywa kwa 588, na kila chupa inasimama kwa dola 5.21. Zitikise moja moja siku ya kupokea. Iliyovunjika ndani hulia kama changarawe hata kama boksi liko safi.